Kupitia kwa: mstari wa K.K. katika barua ya kuomba likizo

Msomaji anayekutana na kifupisho K.K. katika kitabu cha historia hukisoma bila shida: ni Kabla ya Kristo, na huandikwa baada ya mwaka. Akikutana nacho katika barua ya mtumishi wa umma wa Tanzania, kikiwa chini ya anwani ya mwandikiwa na juu ya neno Yah:, maana ni nyingine kabisa. Hapo K.K. ni Kupitia Kwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliwahi kuikuta katika barua ya muuguzi, na kwa kuwa kamusi aliyokuwa nayo ilitoa maana moja tu, akamweka Mganga Mkuu wa Wilaya katika zama za kale. Darasa lilicheka, naye akacheka. Kosa hilo halikumdhuru mtu. Yapo makosa mengine juu ya mstari huo huo yanayoweza kumgharimu mtu kazi, nayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Tuanze na barua yenyewe. Mfano huu nimeutunga, ila umbo lake ndilo la barua zinazoandikwa kila mwaka katika halmashauri za Mkoa wa Katavi, ambao ulianzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake yako Mpanda. Mwandishi ni muuguzi wa zahanati iliyoko mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Karema. Mwajiri wake ni Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, ambayo ofisi zake ziko Majalila.

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika,
S.L.P. …,
MPANDA.

K.K. Mganga Mkuu wa Wilaya,
Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika.

K.K. Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya …

Yah: OMBI LA LIKIZO YA MWAKA

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

2. Mimi ni Muuguzi katika zahanati iliyotajwa, mwenye namba ya cheki … Naomba likizo yangu ya mwaka ya siku 28, kuanzia tarehe 2 Juni 2025 hadi tarehe 29 Juni 2025. Nitarejea kazini tarehe 30 Juni 2025.

3. Likizo hii nitaitumia nyumbani, Wilaya ya Kyela. Mwaka jana sikulipwa nauli ya likizo.

4. Naomba kuwasilisha.

Jambo la kwanza la kutazama ni mpangilio. Vyeo vimeandikwa kutoka juu kwenda chini: mwajiri, kisha mkuu wa idara, kisha msimamizi wa karibu. Karatasi yenyewe husafiri kinyume chake. Humfikia kwanza aliyeandikwa mwisho, ikapanda kwa aliye juu yake, na mwisho ikamfikia aliyeandikwa wa kwanza. Ndiyo maana watumishi husema mtu «amepitia ngazi» au «ameruka ngazi». Aliyeruka ngazi si lazima awe amesema neno baya. Amefikisha barua mezani kwa Mkurugenzi bila kuonwa na wale ambao ofisi inawategemea kujua kama zahanati itabaki na mtu.

Sura ya mstari huu imetoka katika desturi ya ofisi za Waingereza, ambako barua ya aina hii iliandikwa U.F.S. Herufi hizo bado huonekana katika barua za Kiingereza za serikali yetu. Maana yake, kwa kuifasiri neno kwa neno, ni «chini ya lakiri inayopepea». Lakiri ni ile nta ya kufungia bahasha, neno tulilolipata kwa Wareno. Barua ya siri ilifungwa kwa lakiri. Barua iliyopaswa kusomwa na mtu wa kati ilitiwa lakiri ubavuni tu, ikabaki wazi, ili aliyepitiwa aisome na kuongeza neno lake kabla ya kuipeleka mbele. Tafsiri ya Kiswahili haikuchukua picha ya nta. Ilichukua picha ya safari, na nadhani ilichagua vizuri, kwa sababu msomaji wa leo anaielewa njia kuliko lakiri. Lakini kuna kitu kilichopotea. Usemi wa zamani ulieleza kwamba barua iko wazi na wa kati anatakiwa kuisoma. «Kupitia kwa» hausemi hivyo waziwazi, na wapo wanaodhani kwamba msimamizi ni tarishi tu.

Kisarufi, kipande cha kwa si pambo. Kitenzi pitia kikifuatwa moja kwa moja na jina huwa na maana ya kusoma na kukagua: mhasibu anapitia hesabu, mhariri anapitia mswada. Kinapofuatwa na kwa na jina la mtu, maana huwa ya kufika kwake njiani kabla ya kuendelea: nilipitia kwa shangazi. Barua hupitia kwa Mganga Mfawidhi, naye Mganga Mfawidhi huipitia barua. Maana zote mbili zinatendeka katika mstari huu, lakini inayoandikwa ni ile ya njia. Basi anayeandika «Kupitia Mganga Mfawidhi», kama vyombo vya habari vinavyoandika «kupitia redio», anafanya kosa dogo ambalo mhariri makini atalisahihisha.

Neno mfawidhi lenyewe linastahili kuelezwa, kwa maana wanafunzi wengi hulichukua kuwa ni sifa ya cheo kikubwa. Asili yake ni Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kumkabidhi mtu mamlaka. Mganga mfawidhi, kama hakimu mfawidhi, ni yule aliyekabidhiwa usimamizi wa kituo. Mamlaka yake ni ya kukabidhiwa, tena yana mipaka. Anaweza kupanga zamu. Anaweza kumpa muuguzi ruhusa ya kwenda kumpeleka mtoto hospitali. Likizo ya mwaka haitoi yeye.

Hapa ndipo tofauti ya ruhusa na likizo inapokuwa na uzito. Katika mazungumzo tunayachanganya maneno haya, na mzazi husema mtoto amepewa likizo shuleni kwa maana ya kwamba ameruhusiwa arudi nyumbani mapema. Katika utumishi wa umma ruhusa ni kibali cha muda mfupi kwa jambo lililojitokeza. Likizo ni haki inayolimbikizwa kwa kufanya kazi, na hutolewa kwa maandishi na mwajiri. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Kamusi huliweka neno hili karibu na kitenzi likiza, ambacho hutumika kwa kumwachisha mtoto ziwa na pia kwa kuwaachia watu waondoke kazini au masomoni. Katika maana zote mbili yupo anayeachia na anayeachiwa. Mtu hajilikizi.

Turudi kwenye barua ya muuguzi. Aliiandika tarehe 14 Aprili 2025 na kuikabidhi kwa Mganga Mfawidhi siku hiyo hiyo. Mganga akaisoma, akatazama ratiba ya zamu, akaandika pembeni kwa mkono: «Nimepitisha», akatia saini, tarehe na mhuri wa zahanati. Muuguzi akapiga picha ukurasa ule kwa simu yake. Barua ikaondoka na gari lililokuwa likipeleka taarifa za mwezi Majalila.

Tatizo liko katika neno moja. Kitenzi pitisha kina maana mbili zinazokaribiana kiasi cha kudanganyana. Ya kwanza ni ya kukifanya kitu kipite, kukisogeza kiende mbele: pitisha uzi, pitisha wageni mlango wa nyuma. Ya pili ni ya kukubali rasmi, nayo tunaisikia kila Juni, Bunge linapopitisha bajeti. Katika maana hii ya pili, kilichopitishwa kimekamilika. Mganga Mfawidhi alitumia maana ya kwanza: barua nimeiona, sina pingamizi, iendelee. Muuguzi alisoma maana ya pili: likizo imekubaliwa. Hakuna kati yao aliyekosea Kiswahili. Neno lilikuwa moja, ila kila mmoja alikuwa amesimama ngazi yake.

Tarehe 22 Aprili barua ilipokelewa katika masjala ya halmashauri, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, ikaingizwa katika jalada binafsi la muuguzi na jalada likapelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Yeye ndiye anayeona wilaya nzima. Aliona kwamba katika zahanati ile ile muuguzi mwingine yuko katika likizo ya uzazi hadi katikati ya Julai. Akaandika: «Sipendekezi kwa Juni. Asubiri mwenzake arejee.» Jalada likaenda kwa Afisa Utumishi, ambaye huandaa majibu kwa niaba ya Mkurugenzi. Majibu yaliandikwa nayo kwa kufuata njia ile ile, K.K. Mganga Mkuu wa Wilaya, K.K. Mganga Mfawidhi, ili kila aliyeiona barua ikipanda aione ikishuka. Yalichelewa njiani. Tarehe 2 Juni muuguzi, akiwa na picha yake ya «Nimepitisha», alipanda basi.

Kanuni za utumishi wa umma zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtumishi. Ilipofika Jumatatu ya tarehe 9, muuguzi wetu alikuwa amekwisha kuvuka idadi hiyo. Katika shauri la nidhamu atakuwa na la kujitetea, na utetezi wake wote utategemea jinsi wanakamati watakavyolisoma neno moja la pembeni mwa karatasi. Likipelekwa mbele zaidi, atakayelifasiri ndiye atakayekuwa na mzigo. Sheria ya mwaka 2021 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, lakini nyaraka bado hufasiriwa kwenda Kiingereza na kurudi. Mfasiri akiandika neno lenye maana ya «imekubaliwa» amemwondolea muuguzi kosa. Akiandika lenye maana ya «imepelekwa mbele» amemwachia kosa lake, labda akiwa na kisingizio. Ushauri wangu kwa mfasiri ni kutazama nani ametia saini kabla ya kuchagua. Neno pitisha likiwa chini ya jina la mtu aliyetajwa katika mstari wa K.K., lifasiriwe kwa maana ya kusogeza, kwa kuwa mtu huyo hana mamlaka ya maana ya pili. Likiwa chini ya jina la mwandikiwa mwenyewe, hali inabadilika.

Kwa mwandishi na msimamizi, dawa ni rahisi zaidi: wapo na vitenzi vingine. Anayepitiwa aandike napendekeza au sipendekezi, na aongeze sababu kwa sentensi moja. Pendekeza hubeba maoni bila kubeba uamuzi. Asiyetaka kutoa maoni aandike «naiwasilisha kwako kwa hatua zaidi». Kitenzi idhinisha kiachiwe mwenye mamlaka ya mwisho. Nimeona wasimamizi wa vituo wakiandika «naidhinisha» kwa kuwa linasikika rasmi zaidi kuliko napendekeza. Urasmi huo ni wa hatari, kwa kuwa msimamizi ameandika ahadi asiyoweza kuitimiza. Ridhia liko katikati: huonyesha moyo wa kukubali, na mara nyingi hutumiwa na walio juu. Ningelikwepa katika ngazi za kati.

Msimamizi asiyekubaliana na ombi naye ana la kufanya, na si kuliweka barua katika droo. Kwa desturi ya kiofisi, barua iliyoandikwa kwa mwajiri ni ya mwajiri. Aliyepitiwa huandika pingamizi lake, kisha huipeleka. Barua isiyo na maandishi yoyote ya wa kati ikifika masjala, kwa kawaida hurudishwa chini ikiambatana na dokezo sabili, yaani kile kikaratasi cha maelezo kinachotembea nje ya jalada, kuuliza maoni ya msimamizi yako wapi. Safari inaanza upya, na kutoka mwambao wa ziwa hadi Majalila wakati wa masika safari hiyo si ya siku moja.

Kuna mambo mengine katika barua ile ambayo mwalimu anaweza kuyafanyia kazi darasani. La tarehe ndilo lenye matokeo makubwa. Siku 28 kuanzia tarehe 2 Juni zinaishia tarehe 29, kwa sababu tarehe 2 yenyewe imehesabiwa. Waombaji wengi hujumlisha 2 na 28 wakaandika «hadi tarehe 30», na hapo wameomba siku 29. Hadi hujumuisha siku inayotajwa, walau katika maandishi ya kiofisi, ilhali katika mazungumzo watu husema «niko likizo mpaka tarehe 30» wakimaanisha kwamba siku hiyo watakuwa kazini. Namna ya kuondoa shaka ni kuandika siku ya mwisho na siku ya kurejea, kila moja kwa sentensi yake, kama muuguzi alivyofanya. Ijulikane pia kwamba siku hizo ni za kalenda. Jumamosi na Jumapili zimo ndani, na hata Idd el-Hajj, iliyoangukia Juni mwaka ule, isingemwongezea siku.

Aya ya tatu ya barua inaonekana kama habari ya ziada, lakini ndiyo inayogusa fedha. Nauli ya likizo mtumishi hulipwa mara moja katika kila miaka miwili, na hutoka katika bajeti ya mwaka wa fedha unaokwisha tarehe 30 Juni. Kwa hiyo «mwaka jana sikulipwa» ni hoja, na kutaja wilaya ya nyumbani ni kutaja umbali utakaokokotolewa. Asiyeandika aya hiyo anaweza kupata likizo bila nauli, akarudi kuandika barua nyingine yenye mistari ile ile ya K.K.

Juu ya kichwa cha barua, nimetumia ombi na si maombi, ijapokuwa maombi ya likizo ndiyo mazoea. Umoja unatosha, anayeomba anaomba jambo moja. Sitamwondolea mwanafunzi alama kwa wingi wake. Nitamwondolea kwa «Husika na kichwa cha habari hapo juu», sentensi iliyoenea mno kiasi kwamba wengi hawasikii tena kuwa ni amri: muuguzi anamwamuru Mkurugenzi ahusike. Kinachohusika ni kichwa, si Mkurugenzi. «Kichwa cha habari hapo juu chahusika» ni sahihi, na «Tafadhali rejea» ni ya adabu. Wasomaji wa Kenya watakuwa wameshangaa Yah:, ambayo ni ufupisho wa yahusu. Kwao nafasi hiyo hushikwa na Kuh: au Mint:, yaani kuhusu na mintarafu, na mfasiri anayehama kati ya nchi mbili abadilishe pamoja na nchi.

Siku hizi watumishi wengi huomba likizo katika mfumo wa ESS, na baadhi ya vijana niliowafundisha hawajapata kuiandika barua hii kwa mkono. Njia haikuondoka. Ombi lililojazwa kwenye skrini humwendea kwanza msimamizi, kisha hupanda. Kilichobadilika ni kwamba msimamizi hachagui tena kitenzi chake, anabonyeza alichowekewa, na mwombaji anaona hatua ambayo ombi limefikia. Lakini swali la muuguzi wetu bado linaulizwa, sasa kwa picha ya skrini badala ya picha ya karatasi: ngazi ya kwanza ikiwa imeweka alama ya kukubali, je, nimepewa likizo? Jibu liko pale pale. Atazame jina lililo mwisho wa njia, na kama jina hilo bado halijasema kitu, asikate tiketi.